Jibu: Jedwali la hali ya hewa la Cape Town na la Lisbon

> "Cape Town Julai ni baridi na mvua, Lisbon Julai ni joto na kavu. Jedwali lipi limekosewa?"

Yote mawili yako sawa, mkuu. Lisbon iko kaskazini mwa ikweta, Cape Town kusini, kwa hiyo Julai Lisbon ni kiangazi, Cape Town ni kipupwe.

Ukitaka kulinganisha, sogeza miezi 6: Januari ya Lisbon isome na Julai ya Cape Town. Hapo utaona miji hii inafanana, mvua nyingi zikija wakati wa baridi. Wastani wa joto wa mwaka hautakusaidia kuona tofauti ya misimu. Yote miwili inacheza kwenye nyuzi 17 hivi.

Kwa mji usioujua, angalia halijoto: Julai ikiwa chini sana ya Januari, uko kusini. Ila karibu na ikweta, mfano Kampala, tofauti ni ndogo mno; huko soma safu ya mvua ili kujua misimu.