Usiandike "hasi" kabla hujaiona ncha ya ini

"Wadau, niko hospitali ya kaunti ndogo huku magharibi na tumepata mashine ya altrasaundi kasualti. Nimefundishwa kwamba nikiweka probu ubavu wa kulia nisione weusi wa damu kati ya ini na figo, tumbo ni safi, naandika FAST, ile skani ya haraka ya kutafuta damu kwa majeruhi, kuwa hasi, naendelea na mgonjwa mwingine. Niko sawa? Pia kwenye moyo natofautishaje mafuta na damu?"

Hauko sawa, daktari, na aliyekufundisha hivyo amekuachia bomu mkononi. Nimesoma swali lako nikiwa natoka zamu na sikuweza kulala kabla ya kujibu, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi, kwenye semina ya siku moja, na mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi Nairobi. "Ini, figo, piga picha, twende." Tulifanyiana mazoezi sisi kwa sisi, watu wazima wa afya tuliokunywa chai, na wote tulikuwa "safi". Hakuna aliyetuambia damu inaanzia kujikusanya wapi.

Sikiliza ilivyo. Majeruhi amelala chali. Damu inayotoka kwenye wengu, kushoto, haiwezi kushuka kirahisi upande wake, kwa kuwa kuna mkunjo wa utando unaoshikilia kona ya utumbo mpana kwenye kiwambo, na mkunjo huo unaziba njia. Kwa hiyo damu hujaa kwanza juu ya wengu, chini ya kiwambo, halafu inavuka kuja kulia au inateremka kwenye nyonga. Upande wa kulia njia iko wazi: kuna mfereji kando ya utumbo mpana unaounganisha nyonga na eneo la ini. Damu ikifika huko, mara nyingi inaonekana kwanza kwenye ncha ya chini ya ini, pale ini linapochongoka karibu na mwisho wa chini wa figo. Ile nafasi nzuri ya katikati, ile ya kwenye mabango ukutani, inaweza kubaki imefungwa kabisa wakati ncha tayari imelowa. Kwenye nafasi hiyo ya katikati pekee, kwa wagonjwa wengi damu huonekana ikishazidi nusu lita.

Nikupe mgonjwa mmoja. Kijana wa boda boda, barabara ya Ahero kuja Kisumu, usukani ulimgonga chini ya mbavu za kushoto. Alifika anaongea, analalamika bega la kushoto. Presha 106/70, mapigo 118. Probu ikawekwa kulia, ini na figo vikaonekana vizuri, mstari mweupe kati yao umenyooka. Kushoto, wengu na figo vimeshikana, hakuna kitu. Nyonga haikuonyesha lolote, kwa sababu mpira wa mkojo ulikuwa umeshawekwa na kibofu ni tupu, na bila kibofu kilichojaa huna dirisha la kuonea. Ikaandikwa hasi. Mapigo 118 yakaelezwa kuwa ni maumivu, akapewa dripu na dawa, akasukumwa wodini.

Saa mbili baadaye sista wa wodi akapiga simu: presha 82/50, mapigo 136, jasho jembamba. Ofisa mmoja mzee aliyekuwa kwenye zamu alichukua probu ile ile, mashine ile ile. Akaanza pale pale kwenye ini na figo, kisha akateleza kuelekea miguuni, pole pole, mpaka ini likawa jembamba likaisha. Hapo kwenye ncha kulikuwa na kabari nyeusi, yenye kona kali, upana wa kidole. Akahamia kushoto, akarudisha mkono nyuma hadi vifundo vya vidole vikagusa shuka, akapanda juu zaidi ya pale tulipokuwa tumetazama. Mwezi mweusi ulikuwa umelala kati ya wengu na kiwambo. Kijana akaenda thieta moja kwa moja, wengu ukatolewa, akaishi. Damu iliyofyonzwa tumboni ilizidi lita mbili.

Sasa fanya hivi kila mara. Alama ya probu ielekee kichwani, uanzie mstari wa katikati wa kwapa, kwenye mbavu za chini. Ukipata figo usisimame. Pepea mkono kutoka mbele hadi nyuma mpaka figo lote lipite na kupotea, halafu teremka hadi uone ncha ya ini na mwisho wa chini wa figo kwenye picha moja. Kivuli cha ubavu kikikusumbua, zungusha probu kidogo alama ielekee mgongoni, au mwambie mgonjwa avute pumzi ashikilie. Kama ncha hujaiona, andika "haikuonekana vya kutosha". Usiandike hasi. Najua atatokea mtu hapa aseme mashine yao ni ya kisasa. Hata ya kisasa haioni mahali ambapo probu haijafika.

Angalia pia GAIN, kile kitufe cha mwangaza wa picha. Ukiipandisha sana, utepe mwembamba wa damu unageuka kijivu na kukupotea. Na damu iliyoganda huwa kijivu karibu na rangi ya ini lenyewe, kwa hiyo kwa mgonjwa aliyeletwa baada ya saa kadhaa usitafute weusi peke yake, tafuta kitu kinachotenganisha viungo vilivyopaswa kugusana. Mafuta yanayozunguka figo nayo hudanganya: yana madoadoa na hutembea pamoja na figo mgonjwa akipumua. Damu ya majimaji hujipenyeza na kuacha kona kali.

Halafu rudia. Skani ya dakika ya kumi inakuambia habari ya dakika ya kumi tu. Mimi narudia baada ya nusu saa, na papo hapo mapigo yakipanda au presha ikishuka, na nyonga natazama kabla mpira wa mkojo haujaingia. Hata ikiwa hasi vizuri, FAST haikuonyeshi utumbo uliotoboka, wala damu iliyo nyuma ya utando wa tumbo, wala wengu uliochanika ambao bado haujavuja. Mgonjwa mwenye presha inayoshuka na FAST hasi bado anavuja damu mahali fulani mpaka uthibitishe vinginevyo: kifua, fupanyonga, paja, au tumbo lile lile ulilolitazama mapema mno.

Moyo, kwa kifupi. Mafuta hukaa zaidi mbele, yana ukijivu wa madoadoa na hucheza na moyo. Damu kwa mtu aliyelala chali hushuka nyuma ya moyo, kwa hiyo ongeza kina hadi uone ukuta wa nyuma wa mfuko wa moyo kabla hujasema lolote. Aliyechomwa kisu kifuani mtazame na kifua cha kushoto, maana mfuko wa moyo uliotoboka unaweza kumwaga damu yake huko na kubaki ukionekana safi.

Kesho ukiingia zamu, mshike mgonjwa yeyote anayekubali, hata asiye na jeraha, uitafute ncha ya ini. Kisha weka klipu hapa, si picha ya kusimama, na ufiche jina lake kwenye skrini. Nataka kuona mkono wako ukiteremka.