Hedhi ikipungua baada ya kusafishwa kizazi, usikimbilie homoni

Ukisafishwa kizazi, iwe ni baada ya mimba kuharibika au baada ya kujifungua na kipande cha kondo kubaki ndani, subiri hedhi zako mbili tatu zirudi kisha uzilinganishe na za zamani. Ulikuwa unatumia pedi nne kwa siku kwa siku tano, sasa unapata matone siku moja na nusu na pedi moja inatosha? Au damu haionekani kabisa, lakini kila mwezi tumbo la chini linakaza kama la hedhi? Mabadiliko hayo yaliyoanzia siku ya kusafishwa yana maana yake, na mara nyingi maana hiyo haiko kwenye homoni.

Kinachotokea ni hiki. Ngozi ya ndani ya mji wa mimba ina tabaka mbili. La juu hunenepa kila mwezi na kutoka kama hedhi. La chini ni jembamba, halitoki, na ndilo linaloota la juu upya. Kijiko cha chuma cha kukwangulia kikizama mpaka kwenye tabaka hilo la chini, mahali hapo panabaki kidonda kitupu. Ukuta wa mbele na wa nyuma wa mji wa mimba hulala umegusana, kwa hiyo kidonda kikikutana na kidonda, vinaota kovu na kushikana. Palipo na kovu hapaoti ngozi, basi hapatoi damu, na yai lililorutubishwa halipati pa kujishika.

Mjerumani Heinrich Fritsch aliandika kuhusu hali hii mwaka 1894, lakini jina lililobaki ni la Joseph Asherman, aliyeieleza kwa kina mwaka 1948. Ukiona neno Asherman kwenye karatasi yako ya majibu, ndiyo hii.

Wakati wa hatari zaidi ni kusafishwa kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya kujifungua. Mji wa mimba bado ni laini, kijiko kinazama bila mkono wa daktari kuhisi. Zaidi ya hapo, estrojeni, homoni inayootesha ile ngozi, iko chini sana mwilini, na kwa anayenyonyesha inabaki chini kwa muda mrefu. Kidonda kinakosa cha kukifunika, makovu yanatangulia. Hatari nyingine kubwa ni kusafishwa zaidi ya mara moja, na mimba iliyofia tumboni ikakaa muda kabla ya kutolewa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza kukwangua kwa kijiko kuachwe, na badala yake kitumike kifaa cha kunyonya kwa mkono au vidonge vya misoprostoli. Kama bado hujasafishwa na una nafasi ya kuuliza, uliza: mtatumia kijiko au cha kunyonya?

Tumchukue mwanamke wa mfano, miaka 31, mwenye mtoto mmoja. Wiki ya tatu baada ya kujifungua alitokwa damu nyingi, akasafishwa kwa kijiko. Hedhi ilirudi mtoto alipofika miezi tisa, matone ya rangi ya kahawia kwa siku mbili. Akaambiwa ni kunyonyesha. Akaacha kunyonyesha, matone yakabaki yaleyale. Mwaka ukapita anatafuta mimba. Akapewa vidonge vya klomifeni vya kupevusha mayai kwa miezi minne, na kati yake akanunua dawa za mitishamba za "kusafisha kizazi".

Klomifeni ilikuwa inatibu tatizo ambalo hakuwa nalo. Mayai yake yalikuwa yanapevuka: ute wa katikati ya mwezi ulikuwa unaonekana, matiti yalikuwa yanauma kabla ya hedhi, na matone yalikuwa yanakuja kwa tarehe. Tena klomifeni ina tabia ya kuifanya ngozi ya ndani ya mji wa mimba iwe nyembamba zaidi. Ama dawa za kusafisha kizazi, hakuna ya kunywa wala ya kuweka ukeni inayoweza kuachanisha kuta mbili zilizoshikana kwa kovu. Za kuweka ukeni zinaweza kuleta maambukizi juu ya tatizo lililopo.

Vipimo vyake vya homoni za uzazi kwenye damu, FSH, LH na prolaktini, pamoja na homoni ya tezi ya shingo, vyote vilitoka vizuri. Hapo ndipo wengi huambiwa "huna tatizo". Sivyo. Majibu mazuri ya homoni pamoja na hedhi iliyopungua tangu kusafishwa ndiyo dalili kwamba tatizo liko kwenye mji wa mimba wenyewe. Kwa asiyepata damu kabisa, daktari anaweza kumpa estrojeni kisha projesteroni kwa wiki kadhaa. Akimaliza na damu isitoke, mahali pa kuangalia ni ndani ya mji wa mimba.

Ultrasaundi ya ukeni katikati ya mwezi ilionyesha ngozi ya milimita 4, na mstari wake umekatika sehemu mbili. Siku hizo ingetarajiwa iwe karibu mara mbili ya hapo. Lakini ultrasaundi ya kawaida hupitwa na makovu mengi, hivyo isipoonyesha kitu haimalizi mashaka. Inayosaidia zaidi ni ile ambayo maji ya chumvi huingizwa kwanza kwa mpira mwembamba ili kuta zitanuke. Kipimo kingine ni eksirei ya mirija, HSG, inayopigwa baada ya hedhi kwisha na kabla yai halijatoka. Rangi inapojaza mji wa mimba, makovu hubaki kama mapengo yenye kingo kali. Povu la hewa linaweza kufanana nayo, ila povu husogea na kovu halisogei.

Jibu la mwisho ni histeroskopi, kamera nyembamba inayopitishwa kwenye mlango wa kizazi. Inaonyesha makovu yako wapi, ni mepesi kama utando au magumu, na yamekula sehemu gani. Madaktari wengi huyapima kwa alama zilizowekwa Marekani mwaka 1988: eneo lililoshikana, aina ya kovu, na hedhi ilivyo. Mwanamke wetu alikuwa na makovu kwenye karibu nusu ya mji wa mimba, alama 2. Mengine mepesi, mengine magumu, alama 2. Hedhi ndogo, alama 2. Jumla 6, yaani kiwango cha kati. Kuanzia 9 mpaka 12 ndicho kiwango kikali. Omba namba hiyo iandikwe kwenye faili lako, kwa sababu ndiyo itakayokuambia matarajio yako yawe makubwa kiasi gani.

Jambo moja la kupimwa kabla ya upasuaji katika nchi zetu ni kifua kikuu cha mji wa mimba. Nacho huleta makovu haya haya. Kikiwepo hutibiwa kwanza, na matokeo ya kukata makovu yake huwa hafifu.

Upasuaji wenyewe hauna kidonda cha nje. Maji ya chumvi yanatanua mji wa mimba, na mkasi mdogo unapita pembeni ya kamera. Daktari huanza na makovu mepesi ya katikati, karibu na mlango, akijifungulia njia kuelekea juu, kisha ya pembeni. Wengi hupendelea mkasi kuliko umeme, kwa sababu moto wa umeme unaweza kuunguza ile ngozi kidogo iliyosalia, nayo ndiyo tunayoitafuta. Makovu yakiwa magumu, kuta zote zinafanana kwa rangi na ni rahisi kupotea njia, basi msaidizi huweka ultrasaundi juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa, amwelekeze. Kujaribu kuachanisha makovu kwa chuma bila kuona ndani hakufai tena. Ndiko kunakotoboa.

Muuguzi anahesabu maji yanayoingia na yanayotoka. Kwa maji ya chumvi, upungufu ukifika mililita 2,500 kazi husimamishwa hata kama haijaisha, maana yaliyopungua yameingia kwenye damu. Upungufu ukiruka ghafla na mji wa mimba ukakataa kutanuka, huenda umetobolewa. Ukisharudi nyumbani, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, homa au kizunguzungu cha kuanguka ni vya kurudi hospitali siku ileile.

Hapa ndipo tunapoona watu wakipoteza kazi yote: kukata ni nusu tu ya tiba. Kuta zilizoachanishwa zina vidonda vibichi tena, na zikiachwa zigusane zitashikana tena. Kwa makovu ya kiwango cha kati hurudi kwa takriban mtu mmoja kati ya watatu, na kwa makali hurudi kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo kitu huwekwa katikati. Kwa mwanamke wetu ulikuwa mpira wa mkojo wa watoto, namba 10, puto lake likajazwa maji mililita 3 na kuachwa ndani siku saba. Puto likijazwa kupita kiasi hubana ukuta na kuunyima damu. Wengine huweka jeli maalumu ya kuzuia makovu. Kitanzi cha shaba hakifai sana kwa kazi hii, ni chembamba na shaba huchokoza ngozi.

Pamoja na hilo, ili ngozi iote upya, alimeza estradioli, aina ya estrojeni, miligramu 2 mara mbili kwa siku kwa wiki nne, na siku 10 za mwisho akaongezewa medroksiprojesteroni, dawa ya jamii ya projesteroni, miligramu 10 kwa siku. Akimaliza, damu hutoka, na wingi wake ni habari ya kwanza kuhusu tiba. Aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa au saratani ya matiti amwambie daktari kabla hajapewa.

Kisha kamera ya pili, kati ya wiki mbili na miezi miwili baadaye. Wengi huiruka kwa sababu ya gharama na kwa sababu hedhi imerudi. Hedhi inaweza kurudi na makovu yakawa bado yapo pembeni au kwenye midomo ya mirija. Makovu mapya ya wiki chache ni utando, husukumwa kwa ncha ya kamera yenyewe. Yakiachwa miezi sita yanahitaji mkasi upya. Kwa mwanamke wetu ilikutwa mikanda miwili myembamba upande wa kushoto, ikaondolewa dakika chache. Panga bajeti ya kamera mbili tangu mwanzo, na kabla ya kusaini uliza mambo manne: utakata kwa mkasi au umeme, utaelekezwa na ultrasaundi, utaweka nini ndani, na tarehe ya kamera ya pili ni lini. Kwa wenye alama za juu sana, wakati mwingine njia hufunguka na ngozi isiote tena, na hapo kurudia upasuaji mara nyingi hakuongezi kitu.

Mimba ikishika, kondo linaweza kuota ndani mno ya ukuta pale ngozi ilipokosekana, likakataa kutoka na kuleta damu nyingi wakati wa kujifungua. Mwambie mhudumu siku ya kwanza ya kliniki kwamba ulikatwa makovu ya mji wa mimba, aandike kwenye kadi. Omba ultrasaundi ya kuangalia kondo kwenye wiki ya 20 na tena karibu na wiki ya 32, na ujifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na benki ya damu. Na kondo likibaki tena, onyesha kadi hiyo kabla mtu hajashika kijiko.