Barua Niliyojiandikia Siku ya Kwanza ya Marudio

Mwanzoni mwa Februari, zikiwa zimebaki wiki 12 kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha sita, nilijiandikia barua, nikaifunga kwenye bahasha na kumkabidhi mwenzangu wa bwenini ili anirudishie wiki ya sita. Niliichagua wiki hiyo kwa sababu matokeo ya mtihani wa utamilifu yangekuwa yametoka, nami nilijijua: matokeo yakiwa mabaya huacha kusoma kwa siku kadhaa.

Haikuwa barua yangu ya kwanza. Nikiwa kidato cha nne niliandika sentensi moja tu, kwamba lazima nipate divisheni wani, na nilipoifungua katika wiki ngumu ilinisuta, kwa kuwa ilinidai matokeo bila kunionyesha la kufanya asubuhi ile.

Safari hii, kabla ya kuandika lolote, nilifanya karatasi moja ya fizikia ya miaka iliyopita, kwa saa iliyowekwa na bila daftari, nikaisahihisha mwenyewe. Nilipata alama 31 kwa 100. Niliiandika alama hiyo juu kabisa ya barua, kisha nikaeleza zilikopotelea nyingine: maswali mawili ya mwendo wa mzunguko sikuyagusa, na katika la tatu kanuni ilikuwa sahihi, ila niliingiza nusukipenyo cha sentimita 20 kama 20 badala ya mita 0.2. Malengo yakatokana na makosa hayo. Niliandika, “Kufikia wiki ya sita uwe umefanya maswali 15 ya mwendo wa mzunguko bila kutazama majibu, na kila vipimo viwe vimegeuzwa kabla ya kukokotoa.” Lengo la namna hiyo huhesabika kwa kufungua daftari, tofauti na “kuelewa fizikia”, ambalo huwezi kujua umelifikia lini.

Wiki ya sita ilipofika nilikuwa na alama 46 za utamilifu, na nilikuwa na hakika kwamba sijasogea hata hatua moja. Ile 31, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ndiyo iliyonikalisha mezani, maana nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilihesabu maswali, nikakuta 9 kati ya 15, hivyo nikajua nianzie wapi.

Chini ya barua nilikuwa nimeweka agizo la siku mbaya: “Fanya swali moja unaloliweza, dakika 25, kisha ulale. Ukikosa usingizi usiku wa tatu mfululizo, nenda kwa matroni, usinisome tena.” Ninaona sehemu hiyo isiachwe, kwani uchovu na homa havitibiwi kwa barua. Jioni ile nilifanya swali la lenzi, kisha nikageuza karatasi na kuandika barua ya wiki ya tisa, nikianza na namba 46.