Kufuta posti za miaka 10 kwenye X bila kuibiwa akaunti

"Nina posti kama 11,000 kwenye X tangu 2013. Nilitumia programu ya kufuta kwa mkupuo, ikaniambia imemaliza, lakini bado 7,800 zinahesabika. Sasa kuna nyingine inataka nywila na faili langu lote la kumbukumbu. Niwape?"

Usiwape nywila, wala faili lote.

Hizo 7,800 zimebaki kwa sababu X huipa programu ya nje posti zako 3,200 za karibuni tu. Za nyuma ya hapo programu haizioni, na isichokiona haiwezi kukifuta. Dawa yake ni kuiletea namba za posti za zamani, nazo zimo kwenye kumbukumbu yako. Nenda Settings, Your account, kisha Download an archive of your data. Huchukua siku nzima au zaidi kuwa tayari.

Ukishafungua ile zip, ingia folda ya data utafute tweets.js. Mstari wake wa kwanza uko hivi:

```
window.YTD.tweets.part0 = [
```

Hilo ndilo faili pekee ambalo programu ya kufuta posti inalihitaji. Jirani yake kuna direct-messages.js, yaani mazungumzo yako yote ya faragha, na ip-audit.js yenye anwani za mtandao ulizoingilia. Anayekwambia upandishe zip nzima anakuomba na hayo, hata kama nia yake ni njema. Zip yenyewe itunze kwako, maana posti ikishafutwa hairudi.

Upande wa ruhusa, ingia kwa ukurasa wa X wenyewe unaokuonyesha orodha ya kile programu itakachoweza kufanya. Soma anwani juu ya brauza kabla ya kubonyeza. Tatizo ni kwamba ruhusa ya kufuta peke yake haipo: `tweet.write` inafuta, na hiyohiyo inaposti kwa jina lako. Hilo huna namna ya kulikwepa. Ila ukiona `dm.read`, achana nayo, kwa sababu kufuta posti hakuhitaji kusoma ujumbe wa mtu. Ukiona `offline.access`, ujue ufunguo ambao programu hupewa kuingilia akaunti yako bila nywila unaweza kujihuisha wenyewe hata ukiwa umelala.

Anza na kipande kidogo, tuseme mwezi mmoja wa 2013, kisha fungua kwa mkono viungo vitatu vinne vya posti za mwezi huo. Vikifunguka bado, kazi haijafanyika, hata programu iseme nini. Usiiamini namba iliyo kwenye wasifu, huchelewa kushuka.

Kazi ikiisha, siku hiyohiyo nenda Security and account access, Apps and sessions, Connected apps, uchague programu hiyo na kubonyeza Revoke app permissions. Kubadili nywila tu usikutegemee hapa. Ufunguo uliotoa kwa ruhusa ni kitu kingine, na mwenye nao hahitaji kuijua nywila yako.