Jina la duka la sola kijijini

"Nafungua biashara ya taa na mifumo ya sola huku Singida vijijini. Wateja wanauliza tu 'inadumu?' na 'waranti ipo?' Nimefikiria Mwanga Sola au Jua Kali Pawa. Mnasemaje?"

Ndugu, Jua Kali liache kabisa. Kwa wengi ni kazi ya fundi wa pembeni, na mteja wako anaogopa hicho hicho. Mwanga nalo lina mkosi wake: mwanga pia ni mchawi wa usiku, na wazee watakutania.

Mimi ningeita Mninga Sola. Kitanda cha mninga kijijini hurithiwa, huhitaji kueleza.

Usiweke miaka kwenye jina, mfano "Sola Miaka Kumi". Paneli itafika, lakini betri ya asidi mara nyingi huchoka ndani ya miaka mitatu, na jina litakusuta. Miaka iandike kwenye kadi ya waranti, betri mstari wake, paneli wake.

Kabla ya kuchapa kadi, tafuta jina kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa kusajili majina ya biashara, kisha mtajie bibi kwa simu mbovu. Akilirudia sawasawa, betri ikifa atajua amtafute nani.