"Shower tu": kwa vijana wapya wa boti za Misali

Vijana wangu, kila asubuhi pale Wesha, Pemba, nakusikilizeni mkisomeana utabiri wa hali ya hewa kwenye simu kabla ya kushusha boti, na kila msimu maneno ni yale yale: "Leo hakuna neno, imeandikwa `shower` tu." Hilo "tu" ndilo lililonikalisha kuandika. Nani amekwambieni kuwa `shower` ni mvua ndogo? Waliokutangulieni walisema hivyo hivyo, wakarudi na wageni walioroa chepechepe, simu zimekufa mikobani, na baharia anaapa kuwa utabiri ulimdanganya. Utabiri ulisema kweli. Aliyeusoma ndiye aliyeuongezea neno ambalo halikuwamo.

1. Jina la mvua linakwambia inavyonyesha. Nguvu yake imeandikwa pengine.

Mnapanga `drizzle`, `shower` na `rain` katika ngazi moja, kutoka ndogo hadi kubwa. Hazipangwi hivyo.

`drizzle` ni manyunyu, na manyunyu yanajulikana kwa ukubwa wa tone: chini ya nusu milimita. Matone yanakuwa mengi, yamekaribiana, yanashuka polepole kutoka kwenye wingu la chini lililotandaa sawasawa. Mkitaka kuyahakikisha, tazameni kidimbwi cha maji pale gatini. Tone la manyunyu linaingia majini bila kuacha duara. Tone la mvua linapiga, linarusha maji, duara linatanuka. Manyunyu hayajazi boti maji. Yanachokuibieni ni macho, kwani mti wa mwisho wa kisiwa cha Misali unapotea na boti ya mwenzako huioni mpaka uisikie mashine yake. Ndiyo maana nguvu ya manyunyu hukadiriwa kwa umbali mtu anaoweza kuona.

`shower` ni mvua ya kupita. Inaanza ghafla, inakatika ghafla, na baina ya moja na nyengine jua linaweza kutoka kabisa. Inakuwa hivyo kwa sababu inatoka kwenye wingu moja moja lililopanda juu, wala si utando uliofunika mbingu yote. Basi, neno limeishia hapo. Halijasema kama yatadondoka matone machache au utamwagika mtungi. Kwa vipimo vinavyotumiwa na watabiri wengi, mvua ya kupita ikiwa chini ya milimita 2 kwa saa ni ndogo, baina ya 2 na 10 ni ya wastani, baina ya 10 na 50 ni kubwa, na zaidi ya hapo ni ya kutisha. Zote nne ni `shower`. Nguvu inatajwa na neno linalotangulia, `light` au `heavy`, na nyinyi hilo ndilo mnaloliruka.

2. Asilimia ni ya uwezekano, milimita ni za jumla.

Juzi kijana wetu mmoja, hodari wa kazi na mwenye adabu zake, alimwambia mgeni: "Mvua ya leo asilimia 40, haifiki hata nusu, kwa hiyo si kali." Mwanangu, hiyo 40 ni uwezekano wa kunyesha. Mvua yenye uwezekano wa asilimia 20 inaweza ikawa ndiyo ya kuzamisha, na ya asilimia 90 ikawa manyunyu ya kutwa nzima.

Na milimita nazo zina mtego wake. Tuseme simu imeandika milimita 10 kwa siku. Mvua ya taratibu ya milimita 2 kwa saa ikinyesha saa tano, inatoa 10. Mvua ya kupita ya milimita 30 kwa saa ikipiga dakika ishirini, nayo inatoa 10. Hesabu ya jioni ni ile ile, ila baharini si kitu kimoja. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Boti ya wazi ya mita 8 kwa 2 ina mita 16 za mraba, kwa hiyo milimita 10 ni lita 160, yaani kilo 160 zimeingia chomboni, zaidi ya uzito wa watu wazima wawili, na zinakimbilia upande boti inakolalia. Mvua ya taratibu inakupa saa tano za kuyakumba maji hayo. Ile ya kupita inakupa dakika ishirini, na wakati huo huo hamwoni mbele.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la mvua kubwa, inakusudia zaidi ya milimita 50 katika saa 24. Siku moja bila onyo hilo bado inaweza kuwa na dakika ishirini kama nilizozieleza.

3. Soma ripoti ya uwanja wa ndege, maana huko hakuna "tu".

Huu ni mfano nilioutunga kwa siku ya Kusi, kwa mtindo wa ripoti za Unguja:

```
HTZA 121100Z 20018G28KT 8000 SHRA FEW018CB BKN080 28/24 Q1014
```

`HTZA` ni uwanja wa Abeid Amani Karume. Wa Pemba ni `HTPE`. `121100Z` ni tarehe 12, 11:00 kwa saa ya dunia; ongeza saa tatu, unapata saa nane mchana kwetu.

Sasa njooni kwenye `SHRA`. `SH` ni ya kupita, `RA` ni mvua. Manyunyu yangeandikwa `DZ`. Mbele ya `SHRA` hamna alama yoyote, maana yake ni ya wastani. Ingekuwa ndogo ungeona `-SHRA`, na ingekuwa kubwa ungeona `+SHRA`. Alama moja tu, na ndiyo inayobeba habari yote mnayoitafuta. Ukiona `VCSH`, mvua ya kupita iko jirani na uwanja, haijaufikia.

Halafu tazama `FEW018CB`. Hilo `CB` ni wingu la radi, lililojengeka kama mnara, na kitako chake kiko futi 1,800. Wingu la aina hiyo halishushi maji peke yake. Hewa inayopoa ndani ya mvua inaporomoka nayo, ikifika juu ya maji inatawanyika pande zote, na mbele ya pazia la mvua unapigwa na upepo baridi ambao dakika tano nyuma haukuwepo, mara nyengine kutoka upande mwengine kabisa. Hapo ndipo `G28` inapopata maana: upepo wa kawaida ni noti 18 kutoka Kusi, lakini mapigo yanafika 28. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo pigo la noti 28 linasukuma zaidi ya mara mbili ya upepo wa noti 18. Anayesoma 18 akaliacha 28 amesoma nusu ya upepo.

Msiichukue ripoti ya Unguja mkadhani wingu lile lile linakujieni. Toka uwanjani pale mpaka Misali ni zaidi ya kilomita 100. Hata likisukumwa kwa noti 20 lingehitaji saa tatu, na wingu moja la mvua ya kupita kwa kawaida huishi nusu saa hadi saa moja. Litakalofika ni hali ya siku, yaani mawingu ya aina ile. Lenu mtaliona kwa macho: kitako cheusi upande unakotoka upepo, pazia la kijivu chini yake, na juu ya maji mstari unaobadilika rangi. Ukihisi baridi usoni, turubai imeshachelewa. Wageni wakae chini, majaketi yafungwe, mashine ipunguzwe, na kichwa cha boti kiuelekee upepo.

4. `gale` si jina la upepo wowote unaokuudhi.

Katika kipimo cha Beaufort `gale` ni daraja la 8, na inaanzia noti 34, sawa na kilomita 63 kwa saa. Onyo la upepo mkali tunalolipata sana hapa kwetu hutaja kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Hizo ni kama noti 22, mwanzo wa daraja la 6. Kwa boti zetu daraja la 6 linatosha kutulaza nyumbani, kwa hiyo asiwepo wa kuniambia "hawajaandika `gale`, tutoke". Tufani yenyewe ni daraja la 12, kuanzia noti 64. Ile ya Aprili 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja ni ya huko.

Na kumbukeni kuwa daraja hutajwa kwa upepo wa wastani. Siku ya daraja la 5, wingu moja la `CB` linaweza kukuleteeni pigo la kiwango cha `gale` kwa dakika chache, na utabiri ukawa haujakosea.

5. Fukuto: acheni asilimia, tazameni namba ya pili.

Mnasoma `humidity` asilimia 94 alfajiri mnawaambia wageni leo kuna fukuto, na wao wamejifunika kanga kwa ubaridi. Asilimia hiyo inapima hewa imekaribia kiasi gani kujaa mvuke kwa joto lililopo. Hewa ikipata joto inaweza kubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo asilimia inashuka bila mvuke kupungua.

Rudini kwenye `28/24`. Ya kwanza ni joto. Ya pili ni joto la umande, yaani pale hewa ikipoa kulifikia, mvuke wake unaanza kugeuka maji. Alfajiri ya `24/23` ni kama asilimia 94. Mchana wa Kaskazi wenye `32/26` ni kama asilimia 71 tu, lakini hewa yake imebeba mvuke mwingi kuliko ile ya alfajiri, na jasho halikauki mwilini. Mgeni aliyetoka nchi ya baridi hatambui. Anaona jasho linamtiririka, anadhani mwili unapoa. Namba ya pili ikifika 24 na kuendelea, matembezi ya msituni Misali yafanyeni asubuhi, fupisheni njia, na maji wapewe kabla hawajayaomba.