Maswali na majibu: rubani wa mizigo, ukungu wa Embakasi, na sikio linalodanganya

Kaka, wewe ulipiga mizigo usiku miaka mingi. Tutungie stori fupi ya rubani anayeshuka kwenye ukungu, ila mambo yawe kama yalivyo, sio ya kwenye muvi.

Haya. Tumwite Baraka, bado mgeni kwenye mizigo ya usiku, anarusha Caravan ya injini moja, nyuma kuna maboksi ya minofu ya samaki kutoka Kisumu, kokpiti yuko peke yake. Ni saa kumi na kitu usiku. Juu nyota kibao, chini Nairobi haipo, kuna wingu tu lililolala na linang'aa kidogo kwa taa za mji. Uwanja wa ndege wa Embakasi wamemwambia ukungu unaenda unarudi, kwa sasa bado panatosha kujaribu.

Rada inampeleka kusini magharibi kwa heading 210, yaani nyuzi 210 kwenye dira, ashuke futi 7,500. Kwenye 8,000 wingu linammeza. Halafu anaambiwa apige kona kushoto hadi 090 akaishike ILS, mawimbi ya redio ya kumwongoza kutua, ya ranwei 06, otopailoti inaanza kona vizuri tu, taratibu, nyuzi tatu kila sekunde, kwa hiyo ni kama sekunde arobaini hivi za kona. Karibu inaisha, otopailoti inajiachia yenyewe, kengele inalia. Baraka anadaka usukani, ananyoosha mabawa, 090 hii hapa.

Hapo ndo mchezo unaanza, maana mwili wake wote unamwambia ndege imelala kulia. Sio kwa kunong'ona, unamwambia kabisa! Mkono unasogea kushoto bila yeye kuuamuru. Anatazama ile saa ya upeo bandia, bluu juu kahawia chini, kaindege kadogo kamelala kushoto nyuzi 15. Wazo la kwanza linalomjia, na hili huwajia wengi, ni kwamba saa imeharibika. Anatupa jicho kwenye dira, 084, 080, 077, namba zinakimbilia kushoto. Anatazama kiashiria cha kona, nacho kinasema kushoto. Saa tatu zinasema kitu kimoja, mwili peke yake ndo unabisha.

Ananyoosha kufuata saa. Sasa anajiona kama anaangukia kulia, shingo imekakamaa, amejikunja kwenye kiti kuelekea kushoto kama abiria wa matatu kwenye kona ya Mai Mahiu, lakini mkono kautuliza na mabawa yako sawa. Sindano ya lokalaiza, ile ya kuonyesha mstari wa ranwei, inaanza kutembea kuja katikati, anageuka 060, sindano ya mteremko nayo inashuka, anaanza kuteremka futi 550 kwa dakika. Kule kuhisi kunaisha polepole, hata hajui kumeisha saa ngapi.

Futi 6,500, giza. 6,000, giza, hapo chini ni mbuga ya wanyama hakuna hata balbu. 5,700. 5,600. Kwenye 5,530 anainua macho nje, pamba nyeupe tu. Anasukuma pawa, ananyanyua pua, na tumbo linamwambia pua imeinuka mno, ishushe, ishushe! Saa inasema nyuzi saba. Anabaki kwenye saba. Altimita inaanza kupanda, anaomba Mombasa, anapewa.

Alitua Moi kwenye saa kumi na mbili asubuhi, mwenye samaki alikuwa ameshapiga simu ofisini kugomba na hakuna aliyempa Baraka pole.

Sasa mtu mzima na akili zake anashindwaje kujua ndege imelala? Si anahisi tu mwilini?

Anahisi, ndio shida yenyewe. Ndani ya sikio kuna vijimfereji vitatu vyenye majimaji na vinyweleo. Ukianza kuzunguka, mfereji unazunguka nawe lakini maji yanachelewa, vinyweleo vinapinda, ubongo unajua tunageuka. Ukiendelea na kona ileile sekunde ishirini hivi maji yanaufikia mwendo, vinyweleo vinasimama wima, ubongo unasema tumenyooka ilhali bado unageuka. Ukija kunyoosha kweli, maji yanaendelea kwa nguvu yake, vinyweleo vinapinda upande wa pili, na wewe unaapa umeanza kona ya upande mwingine. Ndicho kilichompata Baraka. Tena ndege ikilala polepole sana, chini ya nyuzi mbili kwa sekunde hivi, sikio halioni chochote kabisa, kwa hiyo unaweza kulala upande huku umetulia unakunywa chai.

Mchana kweupe haya yapo vilevile ila jicho likiona upeo linafuta uongo wa sikio papo hapo. Usiku ndani ya ukungu jicho halina kitu.

Na lile la tumbo wakati wa kughairi kutua ni jambo lingine, ni vijiwe vidogo humohumo sikioni. Ndege ikiongeza mwendo ghafla vinarudi nyuma, na vingerudi nyuma hivyohivyo kama ungeinua kichwa, kwa hiyo ubongo unachanganya kasi na kuinuka. Rubani akikubali, anasukuma pua chini akiwa futi mia mbili tatu kutoka ardhini. Mimi hili ndo naliogopa kuliko lile la kona, maana lile la kona mara nyingi una muda wa kujirekebisha.

Kwani vyombo havikosei? Mbona unawaambia watu waviamini kama msahafu?

Sijasema uamini saa moja, rudi usome vizuri. Baraka aliamini tatu zilizokubaliana.

Tarehe 22 Desemba 1999 Boeing 747 ya mizigo ya Korean Air iliruka usiku kutoka Stansted, Uingereza, kwenda Milan. Saa ya upeo ya kapteni ilikuwa haionyeshi kulala kwa ndege, tatizo lilishaonekana safari iliyotangulia na likatengenezwa visivyo pale uwanjani. Kapteni akaanza kona ya kushoto, saa yake ikakaa palepale imenyooka, naye akaendelea kukata kushoto. Kengele ya kusema saa mbili hazikubaliani ililia. Injinia wa ndege akasema kuhusu kulala. Saa ya rubani msaidizi ilikuwa sahihi, ile ya akiba katikati ilikuwa sahihi, ila msaidizi hakusema wala hakushika usukani. Ndege ilipiga ardhi ikiwa imelala karibu nyuzi 90, haijamaliza hata dakika moja hewani, na wote wanne walikufa.

Kwenye ndege ndogo za zamani ubaya ni mwingine. Saa ya upeo inazungushwa na hewa, pampu ikifa giroskopu, kile kigurudumu kinachozunguka ndani yake, haisimami ghafla, inachoka polepole na kuinama kidogo kidogo, na rubani anaifuata nayo inampeleka. Unaijua kwa kulinganisha, upeo unasema umelala kulia lakini dira haiendi popote na kiashiria cha kona, ambacho kawaida kinatumia umeme, kimetulia katikati. Basi upeo ndio mwongo. Ukishaujua uzibe, na kikaratasi cha kubandika au hata risiti ya mafuta, kwa sababu jicho litarudi pale tu utake usitake.

Futi 5,530 si bado juu sana? Angeshuka hamsini tu zaidi labda angeona taa.

Bro, Embakasi yenyewe iko futi 5,330 kutoka baharini. Kwa hiyo hapo ana futi 200 tu chini ya tumbo la ndege, na 200 ndio kiwango cha chini kabisa cha ILS ya daraja la kwanza, pamoja na kuona kwenye ranwei kusiwe chini ya mita 550. Kwa mteremko ule wa futi 550 kwa dakika, 200 zinaisha kwa sekunde ishirini na mbili hivi. Ukichukua "hamsini tu" umekula robo, na bado ndege yenyewe inazama kidogo kabla ya kuanza kupanda ukishasukuma pawa. Akiziona taa za kuongoza kabla ya ranwei ruksa kuendelea, asipoziona hakuna mjadala.

Na labda ni neno baya, taa moja ya lori kwenye ukungu inatosha kumfanya mtu aone ranwei pasipo na ranwei.

Si awashe taa kubwa za mbele?

Atajimulikia ukuta mweupe usoni. Wengi huzizima mpaka waione ranwei.

Umesema altimita ilisoma 5,530. Mimi nilidhani inajua yenyewe ardhi iko wapi.

Haijui ardhi kabisa. Inapima mgandamizo wa hewa, halafu wewe unaiwekea namba ya mgandamizo wa uwanja ule kwa saa ile, namba unayopewa na mwongoza ndege. Ukikosea kwa hektopaskali 10 umejidanganya karibu futi 300, na wakati mlango wako wa mwisho ni 200 unaona mwenyewe hesabu inaishia wapi.

Halafu kuna kosa ambalo si la saa kabisa. Septemba 1974 jumbo ya British Airways ikija hapahapa Nairobi iliruhusiwa kushuka futi 7,500, kokpiti wakaelewa 5,000 na wakaiweka hiyo kwenye otopailoti. Elfu tano ni chini ya uwanja! Walitoka kwenye wingu wakaona ardhi iko pale, wakavuta, ikapona kwa futi 70 hivi. Altimita zilikuwa zinasema kweli muda wote. Ndio maana ukipewa futi unairudia kwa redio na kuilinganisha na mwinuko wa uwanja ulioandikwa kwenye chati kabla mkono haujagusa kitufe.

Nasomea urubani hapa Wilson na nimeanza masomo ya vyombo. Nikivaa ile kofia ya kuziba nje nachanganyikiwa, macho yanaganda kwenye saa moja. Ni kawaida?

Kawaida kabisa mdogo wangu. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois waliwajaribu watu 20 wasio na mafunzo ya vyombo, wakawaingiza kwenye "wingu" la kuigiza, wote walishindwa kuitawala ndege, wastani baada ya sekunde 178. Wewe ukiweza dakika kumi umeshawaacha mbali.

Jicho kuganda dawa yake ni ratiba, upeo ndo nyumbani, unatoka unaenda dira unarudi upeo, unaenda altimita unarudi, unaenda spidi unarudi, na kila ukitoka uwe na swali unaloenda kuuliza, sio kutembea tu. Mwambie mwalimu akufumbe macho, aizungushe ndege polepole mpaka uape imenyooka, kisha ufumbue. Halafu mwombe azibe upeo kabisa urushe kwa dira, kiashiria cha kona na altimita peke yake. Utatokwa jasho, nauli ya hiyo saa moja itakuuma, ila ukiona mwalimu anakwepa kukufanyia hilo zoezi kila wiki, tafuta mwingine.